Je, wajua? "Kiko njiani" si mahali kifurushi kilipo

"Tangazo la redio linasema nifuatilie kifurushi changu hatua kwa hatua, na kitafika leo leo. Mbona simu imeandika 'Kiko njiani' tangu asubuhi, haibadiliki?"

Kwa sababu tangu asubuhi hakuna mtu aliyekigusa akiwa na mashine mkononi. Ufuatiliaji hauoni kifurushi, unaona mikono iliyokipokea.

Nakiri kosa langu hapa. Niliwahi kuandika tangazo la nusu dakika kwa kampuni moja ya vifurushi, nikamtungia mama muuza vitenge aseme: "Nauona mzigo wangu ukipita Chalinze!" Nilidhani ile karatasi yenye mistari myeusi inayobandikwa kwenye boksi ina kitu ndani kinachoongea na setilaiti. Karani wa kaunta alisoma mstari huo, akabandua lebo moja, akaniangazia kwenye taa. Karatasi na gundi tu. Mistari ile ni namba iliyoandikwa kwa namna ambayo mashine huisoma haraka, basi. Ukiona nukta inatembea kwenye ramani, kama kwa bodaboda wa mjini, hiyo ni simu ya dereva. Kwenye lori ni kifaa cha lori. Boksi lako likidondoka Kibaha, nukta itaendelea na safari bila wasiwasi.

Mfano wake ni mtoto anayepandishwa basi kwenda kwa bibi, Morogoro. Shangazi anapiga simu kutoka stendi ya Mbezi: "Tumempakia." Mjomba anapiga kutoka Msamvu: "Nimempokea." Katikati kuna kilomita 170 hivi ambazo bibi hajui lolote. Akiulizwa mtoto yuko wapi, atajibu "yuko njiani", na maana yake kamili ni kwamba shangazi ameshapiga na mjomba bado.

Sasa fikiria watoto 40, na shangazi anapiga simu moja tu kwa wote. Hapa ndipo mambo yananoga. Vifurushi vidogo husomwa kimoja kimoja vinapoingia kwenye gunia, gunia linafungwa kwa lakiri yenye namba, kisha wakati wa kupakia linasomwa gunia peke yake. Mfumo unaandika "Kiko njiani" kwa vyote 40. Kama kimoja kilisomwa kikateleza chini ya meza kabla gunia halijafungwa, nacho kinasafiri, kwenye simu. Kitagundulika Msamvu gunia litakapofunguliwa na kila kimoja kusomwa tena: 39 vitageuka "Kimefika", kimoja kitabaki njiani. Kwa hiyo ukimya kabla basi halijafika hauna maana yoyote. Ukimya saa mbili baada ya gunia kufunguliwa una maana, na hapo mpigie karani umtajie namba ya gunia kama unayo, si ya kifurushi tu.

Kuna kioja kingine: kifurushi "kinapakiwa" Mbezi na "kinafika" Msamvu katika dakika ileile. Hakikuruka. Mashine ya karani ilikosa mtandao, ikahifadhi taarifa tumboni, ikazituma baadaye. Baadhi ya mifumo huandika saa ya kusoma, mingine saa ya kutuma, na skrini haikwambii ni ipi.

Na "leo leo"? Nilidhani ni suala la mwendo wa basi. Kumbe huhesabiwa kinyumenyume, kutoka mlango unapofungwa. Chukua kaunta ya Morogoro inayofunga saa 12 jioni. Kufungua magunia na kutuma meseji kunahitaji saa 1, basi liwe limeingia saa 11. Safari ipe saa 5, maana kuna foleni ya kutoka mjini na mizani ya Vigwaza, kwa hiyo basi liondoke saa 6 mchana. Kufunga magunia na kupakia, saa 1 nyingine: mzigo uwe Mbezi saa 5 asubuhi. Kutoka Kariakoo hadi Mbezi, saa 1 na nusu. Mama wa vitenge lazima afike kaunta ya Kariakoo kabla ya saa 3 na nusu asubuhi. Akifika saa 4 kifurushi kinaweza kuingia Morogoro jioni hiyohiyo, lakini kitalala ndani ya kaunta iliyofungwa. Barabara ikifungwa kwa ajali, hesabu yote inavunjika.

Tangazo nililiandika upya: "Lete Kariakoo kabla ya saa tatu na nusu asubuhi, kichukuliwe Morogoro leo leo. Utapata meseji tatu: tumekipokea, kimepakiwa, kimefika." Mwenye kampuni alilalamika kwamba saa tatu na nusu haina utamu kama "leo leo". Karani wa kaunta akamwambia hao wa saa nne huwa hawamgombezi yeye, wanamgombeza karani. Mstari ukabaki.