Asilimia 15 ya muda gani?

Wiki iliyopita niliitwa kuzungumza na vijana waliomaliza kidato cha nne, hapa Mtwara mjini. Nilipewa nusu saa niwaeleze habari ya kufungua akaunti. Nimekuwa afisa mikopo kwa miaka mingi, nikajua kabla sijaketi kwamba lile swali litakuja. Lilikuja dakika ya tano.

"Dada, kwa mkopo benki wanatoza riba ya asilimia 17, ile mikopo ya programu za simu ni 15. Si bora ya simu?"

Nimelisikia swali hili Mikindani, nimelisikia Masasi, nimelisikia kwa watu wazima wenye biashara zao. Linanichosha, kwa sababu kosa ni dogo na hasara yake ni kubwa. Ile 17 ya benki ni ya mwaka mzima. Ile 15 ya simu ni ya siku saba. Riba isiyotajwa na muda wake haijakwambia kitu.

Yule kijana alikuwa na mfano wa kaka yake, nikamwomba tuupige ubaoni. Kaka aliomba 50,000. Kwenye simu zikaingia 40,000, maana 10,000 ilikatwa hapohapo, ikaitwa ada ya huduma. Baada ya siku saba alitakiwa kurudisha 57,500. Wengi hukosea tena hapa, wanaitazama ile 50,000. Iacheni. Pesa aliyoishika mkononi ni 40,000, na gharama ya kuishika wiki moja ni 17,500. Hiyo ni karibu asilimia 44 kwa wiki. Sasa chukua 40,000 hiyohiyo kwa asilimia 17 ya mwaka, siku saba: riba yake ni kama shilingi 130. Darasa lilinyamaza. Mmoja akachukua simu akapiga hesabu upya, akapata ileile.

Siku ya saba kaka hakuwa na 57,500. Wakamruhusu alipe 7,500 tu asogeze mbele wiki moja. Akaona wamemhurumia. Akasogeza mara nne. Ametoa 30,000, na ile 50,000 iko palepale haijapungua hata shilingi, na riba ya wiki nyingine inamsubiri. Ndiyo maana watu wanaiita kausha damu. Na sisi wa huku tusijifanye wageni: anayeuza korosho kwa kangomba mwezi wa saba, yaani kwa mlanguzi anayempa pesa kidogo mapema, kabla ya mnada, anafanya biashara ileile, ila analipa kwa kilo.

Mkopeshaji mdogo mwenye leseni ya daraja la pili amewekewa na Benki Kuu ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 40,000 ni 1,400. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zinazokopesha bila kibali. Kabla ya kupakua, tafuta jina la kampuni kwenye orodha ya wenye leseni katika tovuti ya Benki Kuu. Na programu ikiomba kusoma majina yote yaliyo kwenye simu yako, ikatae. Inayataka ili siku ukichelewa iwatumie ujumbe mjomba, mwalimu na mchumba.

Akaunti yenyewe haina maneno mengi. Ukiwa na miaka 18 na namba ya NIDA, unafungua tawini, na benki nyingi hata kwa wakala. Uliza makato ya kila mwezi kabla ya kusaini, na usimpe mtu kadi wala namba ya siri, hata akisema anapokelea tu fedha za korosho. Kisha ipitishe pesa yako humo, hata iwe ya kuuza maandazi, kwa sababu siku ukija kukopa tutaangalia mzunguko huo kwanza.

Lakini sikuwadanganya. Kaka yake alikopa usiku, mtoto ana homa. Tawi la benki lisingempa 40,000 saa ile, hata kama angekuwa na akaunti ya miaka mitatu. Hapo huwa nasita, kwa kuwa jibu langu ni dogo kuliko shida: kikundi cha hisa chenye mfuko wa jamii, au akiba ya 40,000 isiyoguswa. Kwa asiye na vyote viwili, sina jibu zuri.

Kijana aliuliza kaka afanye nini sasa. Nikamwambia aache kusogeza, maana kila 7,500 inapotea bure. Aandike kuomba kulipa deni lenyewe kwa mafungu, na atunze kila ujumbe na kila risiti ya muamala. Wakikataa au wakianza kumtangaza kwa watu, apeleke ushahidi huo Benki Kuu. Tawi lao liko hapahapa Mtwara. Alinakili hesabu ya ubaoni kwenye karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni ampelekee.