Wasichana wa miaka 14 wanapozidi: kuwafundisha na kuwakagua wadadisi wa kaya

Katika kazi ya kusimamia tafiti za kaya hapa Pemba, swali ninaloulizwa mara nyingi na wasimamizi wapya ni namna ya kumjua mdadisi anayejaza dodoso chini ya mwembe bila kuingia nyumba ya mtu. Mdadisi wa namna hiyo yupo, lakini si yeye anayenikosesha usingizi, kwa sababu kishikwambi huandika saa ya kuanza na kumaliza pamoja na mahali alipokuwa, na siku ya pili tu anakuwa ameshajulikana. Anayenishughulisha ni yule anayefika kila kaya, anayepiga hodi na kuketi jamvini, akauliza kila swali kwa adabu, kisha akausogeza umri wa mtu mmoja kwa mwaka mmoja.

Tafiti nyingi za afya na lishe huanza na orodha ya wanakaya, yaani jina, jinsia, umri na uhusiano wa kila mmoja na mkuu wa kaya. Orodha hiyo ndiyo inayoamua nani aendelee kuhojiwa. Kwa kawaida wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 huwa na dodoso lao peke yao, na watoto walio chini ya miaka 5 hupimwa uzito na urefu. Msichana akiandikwa 15, mdadisi ana kazi nyingine ya dakika arubaini au zaidi, na akiandikwa 14, anashukuru na kuaga. Mtoto akiandikwa miaka 4, ubao wa kupimia lazima ushushwe begani na kutandazwa uani huku mtoto analia, ilhali akiandikwa 5 ubao unabaki ulipo. Kila anayefanya kazi hii anaigundua njia hiyo ya mkato mnamo siku ya tatu hivi, hata kama hakufundishwa na mtu.

Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya mafunzo yangu naitumia kwenye orodha ya wanakaya, si kwenye maswali magumu ya baadaye. Nawapa wadadisi hadithi ya kaya ya kubuni na kila mmoja anaijaza peke yake, kisha tunalinganisha. Mzee ana wake wawili. Mke mkubwa na mke mdogo wanakaa uwanja mmoja, lakini kila mmoja ana jiko lake. Mtoto wao wa kiume amekwenda dago na wavuvi wenziwe na hajarudi tangu bamvua lililopita. Mjukuu analelewa hapo kwa kuwa mama yake anafanya kazi Unguja. Yuko pia binti anayekula hapa na kulala kwa bibi yake nyumba ya pili. Katika tafiti zetu kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja, kwa hivyo majiko mawili ni kaya mbili hata kama mlango wa uwanja ni mmoja, na mzee anaandikwa kwa mujibu wa kanuni ya kitabu cha maelekezo, si kwa kufuata anavyoona mdadisi. Darasa la watu ishirini huniletea majibu sita au saba tofauti siku ya kwanza. Nisipopata jibu moja kutoka kwa wote kufikia siku ya tatu, sitangulii kwenye sehemu nyingine ya dodoso.

Umri nao unahitaji mazoezi yake. Mama akisema “labda kumi na nne, kumi na tano”, mdadisi asichague kati ya hizo mbili. Kwanza aombe kadi ya kliniki au cheti cha kuzaliwa, na visipopatikana atumie kalenda ya matukio ambayo tunaitengeneza pamoja darasani. Kwa utafiti wetu wa Agosti 2025 mpaka wa miaka 15 uliangukia mahali pazuri, kwa sababu tarehe 31 Julai 2010 Zanzibar ilipiga kura ya maoni juu ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na watu wazima wengi wanaikumbuka siku hiyo. Aliyekwisha kuzaliwa siku ile ametimiza 15. Kwa aliyezaliwa mwaka mmoja na zaidi baadaye tulikuwa na kuzama kwa meli ya Spice Islander, tarehe 10 Septemba 2011, tukio ambalo hapa Pemba halihitaji kuelezwa.

Utafiti huo ndio ulionifundisha yale ninayoyaandika hapa. Tulikuwa na timu ya wadadisi wanne wanawake na msimamizi mmoja, tukizunguka shehia za wilaya ya Micheweni. Baada ya siku kumi kila mdadisi alikuwa na kaya hamsini, na nikaendesha hesabu ninayoiendesha kila jioni katika programu ya takwimu ya Stata:

```
tab umri mdadisi if jinsia==2 & inrange(umri,12,17)
```

Wadadisi watatu kwa pamoja walikuwa wameandika wasichana 11 wa miaka 13, 10 wa miaka 14, 11 wa miaka 15 na 9 wa miaka 16. Ni mstari ulionyooka, kama inavyotarajiwa. Mdadisi namba 7 peke yake alikuwa na 4, kisha 8, kisha 1, kisha 3. Kilima kwenye 14 na shimo kwenye 15. Nikatazama watoto, nikaona umbo lilelile, kwamba wa miaka 4 walikuwa 3 na wa miaka 5 walikuwa 9.

Hesabu ndogo namna hii haimtii mtu hatiani. Kaya hamsini ni chache, na bahati peke yake inaweza kuleta kilima. Jedwali linanionyesha tu niende wapi, na ushahidi unapatikana mlangoni kwa watu.

Nilianza kwa kumtembelea kwa kushtukiza. Gari tuliliacha kwenye skuli na tukatembea kwa miguu, kwa sababu shehia nzima inajua gari la wageni kabla halijazima injini, na watoto hulikimbilia wakipiga kelele za “sensa, sensa”. Nilimkuta barazani kwa mama mmoja, nikaomba ruhusa, nikaketi nyuma yake kidogo mahali ambapo nasikia swali na jibu. Katika ukaguzi wa namna hii sisemi neno mpaka kaya imalizike, isipokuwa kosa liwe la kumdhuru mhojiwa. Alisoma maswali kama yalivyoandikwa, akasubiri majibu, akawaomba majirani wawili kwa upole wasogee. Kazi safi kabisa. Hapo ndipo pana udhaifu wa kuketi na mdadisi, maana huona anavyoweza kufanya akitazamwa, wala si anavyofanya saa nane mchana ikiwa imebaki kaya moja na jua linawaka.

Kinachofichua ni kurudia kaya. Desturi iliyozoeleka katika tafiti ni kurudia angalau kaya moja katika kila kumi, na zaidi ya hapo katika siku za mwanzo, kwa dodoso fupi la dakika kumi na mtu ambaye si mdadisi wa awali wala msimamizi wake. Maswali huchaguliwa kwa makini. Nikiuliza nani alilala hapa usiku wa kuamkia leo, jibu litakuwa limebadilika kihalali, na nikiuliza chakula cha wiki, kumbukumbu itanichezea. Nauliza yasiyobadilika: majina, tarehe ya kuzaliwa ya walio karibu na mpaka, na kama mtoto alilazwa au kusimamishwa kwenye ubao. Inafaa pia kuzungumza na mhojiwa yuleyule wa mwanzo, kwani umri atakaoutaja mama mkwe na ule atakaoutaja mama mzazi huweza kupishana bila ya yeyote kusema uongo.

Kaya haifurahii kurudiwa kama haikuambiwa, na kwa hivyo sentensi ya kuwa huenda tukarudi imo ndani ya maelezo ya ridhaa tangu ziara ya kwanza. Hata hivyo mzee mmoja alinipokea kwa kuniuliza kama tulimwona mwongo. Nilimjibu, “La, baba, tumekuja kumkagua mwenzetu, si kukukagueni ninyi.” Akacheka, akaita kiti.

Wale wasichana 8 walikuwa katika kaya saba, nami nilikwenda zote. Wanne walikuwa na miaka 14 kweli, wawili kati yao wakiwa na vyeti. Mmoja alikuwa amekwenda Unguja kwa jamaa na hatukuweza kuthibitisha. Watatu walikuwa wametimiza 15. Katika mmoja wa hao watatu, mama hakuwa na kadi, ila nilipoitaja kura ya maoni alijibu hapohapo: “Huyu nilikwenda naye, nimempakata, hata jino hajaota.” Nikamuuliza kama yule binti aliyekuja kwanza alimuuliza habari ya kura. Akasema hapana, aliuliza tu, “Kumi na nne, siyo?” na yeye akaitika.

Hilo “siyo?” ndilo kosa lenyewe. Mdadisi hakubuni kitu. Alipendekeza jibu na akalipata. Kwa mtu ninayemkuta amejaza kaya asiyoifikia, mkataba unakwisha siku hiyohiyo na kaya zake zote zinarudiwa. Huyu nilikaa naye faragha, nikamwonyesha jedwali lake kando ya la wenzake bila kumtuhumu, na alikiri kabla sijamaliza. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulipenda kulisikia. Tulikuwa tunawalipa kwa kila kaya iliyokamilika, na lengo lilikuwa kaya tano kwa siku. Kaya yenye wanawake watatu na watoto wawili ililipwa sawa na kaya ya bibi na babu. Mpango huo wa malipo niliupitisha mimi.

Tukabadilisha malipo yakawa ya siku, lengo likashuka hadi kaya nne, na siku yenye kaya kubwa ikaruhusiwa kuishia na tatu. Mdadisi alirudi mwenyewe kuwahoji wale wasichana watatu na kuwapima watoto waliorukwa, safari hii msimamizi akiwa pamoja naye. Kalenda ya matukio ikawa sharti kwa kila umri usio na karatasi, na kishikwambi kikaongezewa swali la kuandika tukio lililotumika.

Nilibadilisha pia mpangilio wa dodoso ili kishikwambi kisimtaje anayestahili kuhojiwa mpaka orodha yote iwe imefungwa. Jambo hili husaidia kidogo tu, kwa kuwa mipaka ya 15 na 49 wadadisi wanaijua kwa moyo tangu darasani. Kwa hivyo lile jedwali bado naliendesha kila jioni kwa kila mdadisi, na wao wanajua kuwa naliendesha.