Kwa nini tarehe moja humtuliza mwenye nyumba kuliko "naomba univumilie"?

"Mama mwenye nyumba kanitumia meseji asubuhi: 'Mwanangu, kodi imeisha tarehe 30, leo Ijumaa tarehe 3, mbona kimya?' Napanga Mwanga hapa Kigoma, nauza dagaa pale Kibirizi. Mbalamwezi jana ilikuwa pevu, maboti yamelala. Kodi ya miezi mitatu ni 180,000, mkononi nina 70,000. Nimjibuje asinune, anipe siku chache?"

Kabla ya kujibu, tazama namba iliyotuma. Ni ile ile unayompigia siku zote? Meseji za "mimi mwenye nyumba wako, kodi tuma kwa namba hii" zimeshawaliza wengi. Ukiwa na shaka, mpigie kwenye namba yake ya zamani, na unapotuma pesa soma jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri.

Sasa tarehe, maana ndiyo mzizi wa jibu lote. Mama yako anahesabu kwa kalenda, wewe unakula kwa mwezi wa angani. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa kufuata mwanga wa taa, na mbalamwezi ikiwa imetanda ziwani, taa hainasi kitu. Baada ya mwezi mpevu, mwezi huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50 kila usiku. Siku tano baadaye unatoka kama saa nne na nusu usiku, kwa hiyo kuna giza la kutosha tangu jioni na mitumbwi inaanza kurudi majini. Kama mwezi ulijaa tarehe 2, mzigo wa kwanza utegemee tarehe 8. Weka siku moja ya kuanika, mbili mvua ikinyesha, na siku moja au mbili za mnunuzi kupima na kulipa. Hapo ni tarehe 12. Usiandike 12. Andika 15, kwa sababu wingu moja tu likikaa juu ya uchaga wako, ahadi imevunjika, na mwenye nyumba hukumbuka ahadi iliyovunjika kuliko siku tatu ulizoongeza.

Tuma ile 70,000 kwanza, kisha andika:

"Shikamoo mama. Samahani, nilipaswa kukwambia mimi kabla hujaniuliza. Ni kweli kodi imeisha tarehe 30. Nimekutumia 70,000 sasa hivi. Inabaki 110,000, nitailipa Jumatano tarehe 15 kabla ya magharibi. Mbalamwezi imesimamisha uvuvi, nasubiri giza nipate mzigo. Naomba unikubalie tarehe hiyo, mama."

Ona samahani imeombwa kwa lipi. Si kwa kukosa hela, kila mtu Kigoma anajua mbalamwezi ni njaa ya mwaloni. Imeombwa kwa ule ukimya, na ukimya ndio uliomuuma. Meseji yake yenyewe inasema "mbona kimya". Sababu imepewa sentensi moja tu, tena imekuja baada ya pesa na tarehe. Ikitangulia, ikafuatwa na ada ya mtoto na homa ya bibi, msomaji anaanza kuhisi anazungushwa hata kama yote ni kweli. Na "hivi karibuni" usiiguse kabisa. Haina siku, kwa hiyo kila asubuhi mama atakuwa na haki ya kuuliza.

Sentensi ya mwisho ina kazi yake. Mpaka ajibu "sawa" au "marahaba, nimekuelewa, tarehe 15", huna nyongeza ya muda, una ombi tu. Jibu lake litunze pamoja na meseji ya muamala. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ujumbe wa simu kutumika kama ushahidi, na hilo linakata pande zote mbili: umeandika mwenyewe kwamba unadaiwa 110,000, na yeye amekubali siku. Kwa hiyo hakikisha hesabu ni sahihi kabla ya kubonyeza tuma.

Asipojibu hadi jioni, nenda kwake kama anakaa karibu, ukabishe hodi. Mtu mzima wa Ujiji au Mwanga anaweza kuona meseji kama kukwepa uso wake. Akisema tarehe 15 ni mbali, usibishane na mwezi. Muulize anabanwa na nini, pengine anahitaji 30,000 tu ya fundi tarehe 10 na nyingine inaweza kungoja.

Tarehe 13 mtumie mstari mmoja: "Mama, mzigo umekauka, keshokutwa iko pale pale." Mvua ikiwa imeharibu, ndiyo siku ya kusema pia, ukiwa na kiasi ulichonacho na tarehe mpya. Ukimwambia tarehe 16, utakuwa umerudi kwenye "mbona kimya".