Estrojeni ileile, leo inazuia kesho inachochea: mrejesho hasi na mrejesho chanya

Nafundisha fiziolojia na pia naona kina dada kliniki ya uzazi, na nikiuliza homeostasisi ni nini karibu kila mtu ananijibu kwamba ni mwili kukaa sawa, basi. Ni kweli, ila kila mwezi kuna siku kama mbili hivi ambazo mwili wa mwanamke hautaki kukaa sawa, unaisukuma homoni moja juu kwa nguvu mpaka yai litoke. Ukizielewa siku hizo mbili, mambo mengi ya hedhi, vidonge vya majira na vile vipimo vya mkojo yatakaa vizuri kichwani.

Kwanza mrejesho hasi maana ndio wa kawaida, mwili unautumia karibu kila sehemu. Umekula ugali, sukari kwenye damu ikapanda, kongosho likatoa insulini, misuli na ini vikaivuta sukari, ikashuka, na ikishashuka kongosho nalo linapunguza insulini. Yaani matokeo yanarudi kukipinga kile kilichoyaanzisha. Mrejesho chanya ni kinyume chake, matokeo yanarudi kukiongeza kilekile, kikizidi nayo yanazidi, kwa hiyo hauwezi kuendelea milele, lazima kuwe na tukio la kuukata. Uchungu wa kuzaa ndivyo ulivyo: kichwa cha mtoto kinabana mlango wa kizazi, ubongo unatoa oksitosini, kizazi kinakaza, kichwa kinabana zaidi, oksitosini inaongezeka tena, mpaka mtoto atoke na ule mbano uishe. Chanya sio nzuri na hasi sio mbaya, ni swali la inapinga au inaongeza.

Sasa chukua dada mwenye mzunguko wa siku 32, tunahesabu siku ya 1 ni siku damu inapoanza. Siku hizo za mwanzo estrojeni yake iko chini, kwa hiyo tezi ya pituitari pale chini ya ubongo iko huru kidogo, inatoa homoni ya FSH ambayo inavikuza vifuko kadhaa vya mayai kwenye ovari. Vifuko vikikua vinatengeneza estrojeni, na estrojeni hiyo ikifika ubongoni inaiambia pituitari, pamoja na haipothalamasi ambayo ni sehemu ya ubongo inayoiamuru pituitari, zipunguze. Huo ni mrejesho hasi kabisa, sawa na ule wa sukari. FSH ikipungua vifuko vidogo vinakosa nguvu vinakufa, kinabaki kimoja kilichowahi kukua ambacho kinaweza kuishi na FSH kidogo, na ndiyo sababu mara nyingi tunatoa yai moja na sio sita.

Hapa ndipo panaponivutia mimi. Wakati estrojeni inaizuia pituitari isitoe kwa wingi LH, homoni yake nyingine ambayo ndiyo inayolitoa yai, haiizuii kuitengeneza, kwa hiyo LH inarundikana ndani ya seli inasubiri. Kifuko kile kimoja kinaendelea kukua, kinakaribia milimita 20 kwa upana, na estrojeni inapanda kwa kasi, na ikivuka kama pikogramu 200 kwa mililita moja ya damu na ikakaa juu hapo kwa siku mbili hivi mfululizo, kitu kinageuka. Homoni ileile iliyokuwa inazuia inaanza kuchochea. Pituitari inakuwa nyepesi kuitika amri ya haipothalamasi, na mzigo wote wa LH uliokuwa umerundikwa unaachiliwa, LH inapanda mara kumi hivi au zaidi ya ilivyokuwa. Angalia masharti ni mawili, kiwango na muda. Estrojeni ikiruka juu kwa saa chache halafu ikashuka, haitoshi, na nadhani mwili unafanya hivyo ili uwe na uhakika kuna yai lililokomaa kweli ndio uanze.

Kwa dada yetu wa siku 32 hiyo inatokea karibu siku ya 16 au 17, na yai linatoka kama saa 36 baada ya LH kuanza kupanda, yaani karibu siku ya 18. Sio siku ya 14! Siku ya 14 ni ya mwenye mzunguko wa siku 28, maana kipande kinachobadilika sana kati ya mtu na mtu ni kile cha kabla ya yai kutoka, baada ya hapo ni wiki mbili hivi kwa wengi. Kwa hiyo akija kuniambia "dokta nimepima LH kwa mkojo siku ya 13 na 14 hamna kitu, homoni zangu zimevurugika", namwambia hapana, umewahi tu kuacha kupima, anza siku ya 13 uendelee mpaka ya 19, na zile siku za katikati pima hata mara mbili kwa siku kwa sababu kilele cha LH kwa wengine ni kifupi, kinaweza kupita usiku ukakikosa.

Nini kinaukata mchezo? Kifuko chenyewe. LH ikikipiga kinaacha kutengeneza estrojeni kama mwanzo, kinapasuka yai linatoka, na mabaki yake yanageuka tezi ya muda ya rangi ya njano inayotoa homoni ya projesteroni. Wanafunzi wazuri huwa wananiuliza hapa, mbona estrojeni inapanda tena kama wiki moja hivi baada ya yai kutoka na LH hairuki mara ya pili? Ni kwa sababu safari hii kuna projesteroni nyingi, nayo inaibana haipothalamasi, tumerudi kwenye mrejesho hasi.

Vidonge vya majira vyenye homoni mbili vinafanya hilohilo kwa makusudi. Homoni za kidonge zinaushikilia mrejesho hasi kila siku, FSH inakuwa chini, kifuko hakikui, estrojeni ya ovari haifiki kule juu, na LH hairuki. Ndiyo maana kusahau vidonge vya mwanzo wa pakiti ni hatari kuliko kusahau vya katikati: unatoka kwenye wiki isiyo na homoni, pituitari imeanza kuchangamka na kifuko kimeshaanza kukua, ukichelewesha tena unakipa nafasi ya kufika.

Halafu kuna hili la vipimo vya mkojo. Vinaona LH, havioni yai. Mwenye PCOS, yaani ovari zenye vifuko vingi vidogo visivyokomaa na homoni zisizo sawa, anaweza kuwa na LH iliyo juu siku zote, anapata mistari miwili mizito siku nane mfululizo anadhani ana bahati, kumbe hakuna kuruka kokote, ni LH iliyokaa juu tu. Ukiona chanya zinaendelea hivyo usiziamini. Cha kuuliza ni projesteroni, kwa damu, wiki moja kabla ya hedhi unayoitegemea, kwa dada yetu ni siku ya 25 na sio ile siku ya 21 ambayo watu wanaandikiwa wote bila kuulizwa mzunguko wao. Ikizidi nanogramu 3 kwa mililita yai lilitoka. Akipima siku ya 21 atakuwa ndio kwanza ana siku tatu tangu yai litoke, namba itakuwa ndogo na ataambiwa hapevushi wakati anapevusha.