Mafuta ya karafuu hayaponyi jino

"Jino likiuma natia mafuta ya karafuu, maumivu yanakwisha. Daktari wa nini?"

Yujenoli iliyomo kwenye karafuu hutia ganzi mshipa wa fahamu kwa muda mfupi tu. Tundu na bakteria hubaki palepale. Tone moja lililochanganywa na mafuta ya kupikia, kwenye kipande cha pamba, latosha kukuvusha usiku. Mafuta ya karafuu yakipakwa matupu huunguza fizi.

Wengi hudanganyika jino linapoacha kuuma lenyewe. Mara nyingi kiini cha jino, chenye mshipa wa fahamu, kimekufa, na usaha unaanza kujikusanya kwenye ncha ya mzizi, ambako mafuta hayafiki. Hapo daktari husafisha mizizi na kuiziba, au hung'oa. Shavu likivimba, ukipata homa au ukashindwa kumeza, nenda hospitali siku hiyohiyo.