Subira amesikia "yavuta heri" tangu darasa la kwanza

Wiki hii tena. Mteja ninayemfundisha kutongoza kanipa simu yake nisome ujumbe aliomtumia dada mmoja anayeitwa Subira: "Wahenga walisema subira yavuta heri. Mimi heri yangu nimeiona leo." Jibu lilikuwa "Haha, asante." Baada ya hapo kimya, siku ya tatu sasa. Anataka nimwambie kosa liko wapi, kwa sababu kwake huo utani ulikuwa mpya kabisa.

Dhana: jina likiwa na maana, itaje hiyo maana na kazi imekwisha.

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote. Utani unaokujia mara tu unapoliona jina ulimjia pia mwalimu aliyekuwa akiita majina darasani, mjomba kwenye kila sherehe, na kila aliyemtongoza kabla yako. Neema ameshaambiwa yeye ni neema. Zawadi ameulizwa ni zawadi ya nani mpaka amechoka kucheka. Amina ameshakuwa jibu la sala za wanaume wasiohesabika. Wewe unajiona mbunifu, kumbe umepanga foleni na uko nyuma kabisa. "Haha, asante" bila swali lolote ni adabu tu. Utani ukimwingia mtu huongeza la kwake.

Kwa hiyo la kwanza linalokujia litupe. La pili nalo, mara nyingi. Ninachowafundisha wateja ni kugeuza upande: utani umwangukie anayeusema, jina libaki na heshima yake. Kumwambia Subira kwamba ana subira ni sifa ambayo hajakuonyesha bado, na hana la kujibu zaidi ya asante. Ukikiri kwamba wewe ndiye huna subira, umempa nafasi ya kukucheka, na anayekucheka kwa wema ameshaanza kuongea nawe.

Tulikaa tukaandika upya. Kumrudia mtu mara moja si dhambi, mradi usilalamike kwamba hakujibu. Kwenye picha yake dada huyo alikuwa ameshika sweta aliyokuwa akiifuma, haijafika hata nusu. Ujumbe ukawa hivi: "Subira, ile methali yangu nadhani ilikuwa ya mia ngapi? Mimi mwenyewe siwezi hata kungoja simu ijae chaji. Ile sweta uliimaliza?"

Tazama kilichofanyika. Amekiri foleni kabla hajaambiwa. Kichekesho kimemwangukia yeye. Mwisho kuna swali la kujibiwa kwa mstari mmoja, tena linalohusu kitu alichokichagua dada mwenyewe kukionyesha, wakati jina alichaguliwa na wengine. Watu wengi husahau hilo swali. Wanarusha mzaha kisha wanakaa kungoja makofi.

Dhana: jina lolote lenye maana linachezewa.

Hapana. Shida, Masumbuko, Sikujua: majina ya namna hii mara nyingi huhifadhi yaliyotokea nyumbani wakati mtoto anazaliwa, na wakati mwingine ni msiba. Hujui, basi nyamaza. Akilitania mwenyewe, cheka naye, usiongeze.

Dhana: maana nimeitafuta mtandaoni, kwa hiyo ni sahihi.

Mteja mwingine alimwandikia Zuhura kwamba jina lake ni ua. Alikuwa amelichanganya na Zahra. Zuhura ni sayari, ile tunayoiona iking'aa jioni au alfajiri na watu wakaiita nyota. Alijibiwa kwa sahihisho, na mtu aliyeanza kwa kusahihishwa hujitetea siku nzima. Kama huna uhakika, muulize nani alimpa hilo jina. Swali hilo peke yake linatosha kuanzisha mazungumzo, wala halihitaji mzaha.

Dhana: kulipinda jina kidogo ni kubembeleza.

Waliolipinda kwanza ni wale waliomzomea shuleni. Acha.

Dhana: utani ukifanya kazi mara moja, endelea nao.

Subira alijibu jioni ileile: "Imebaki mkono mmoja tangu mwaka jana. Wazazi walikosea jina." Hapo ameongeza la kwake, tena ameulenga mzaha kwake mwenyewe. Mteja wangu alinipigia akiwa na furaha, akanisomea alichotaka kurudisha: "Basi nami nitakusubiri, Subira." Nilimwambia afute, amuulize ni mkono wa kulia au wa kushoto.