Matairi ya A/T, H/T na tope la Kamulu: dhana potofu na ukweli

"Funga A/T, tope utalisahau." Hiyo ndiyo dhana iliyonigharimu mimi. Nilinunua matairi manne ya A/T, yale ya ardhi za kila aina, ambayo kashata zake, yaani vipande vya mpira vinavyokanyaga chini, ni nene na zimeachana, nikayafunga kwenye Prado mwezi wa Machi na kurudi Kamulu nikitamba. Masika yalipokolea, gari lilikwama mita mia tatu kabla ya geti langu, na ni gari linalovuta kwa magurudumu yote manne. Nilishuka na tochi kuangalia. Tairi halikuonyesha kashata hata moja. Lilikuwa duara jeusi, laini, kama chungu kilichotoka mikononi mwa mfinyanzi.

Ukweli ni kwamba "tope" si kitu kimoja. Udongo mweusi wa Kamulu, Ruai, Syokimau na Kitengela ukilowa hufura na kunata. Unashika mpira, halafu unajishika wenyewe. Mifereji ya A/T ni mipana kuliko ya H/T, lile tairi la barabara kuu, lakini si mipana ya kutosha kuutapika udongo wa namna hiyo kwa mwendo wa pole. Baada ya tairi kuzunguka mara chache mifereji imejaa, na kuanzia hapo unaendesha tairi kipara, hata kama ulilinunua kwa bei gani. Kipimo chake ni rahisi: ingia mita kumi, simama pahali pagumu, shuka uangalie. Kama huoni mifereji, kashata hazifanyi kazi tena.

Panda sasa upande wa Kikuyu au Limuru kwenye udongo mwekundu. Huko utelezi mara nyingi ni tabaka jembamba juu ya ardhi iliyoshikana, na kingo za kashata za A/T hulikata tabaka hilo zikafika palipo pagumu. Mtu wa Limuru akikuambia A/T zimemwokoa, hakudanganyi. Anazungumzia udongo mwingine tu.

Tairi linaloweza kuutupa udongo mweusi ni la M/T, la tope hasa, nalo pia linataka lizungushwe kwa kasi ndipo lijisafishe. Kwenye lami linanguruma kama posho mill na kuisha mapema. Kwa mtu anayekwenda kazini kila siku sioni hesabu yake.

Kuna pia herufi M+S ubavuni mwa tairi, ambazo wauzaji hupenda kuzionyesha kwa kidole: "Ona, hii ni ya matope." Maana yake ni tope na theluji, kweli, lakini ni alama ambayo kiwanda hujiwekea kwa kutazama umbo la kashata. Hakuna aliyelipeleka tairi hilo kwenye tope kulijaribu. H/T nyingi tu zinazo.

Dhana nyingine husemwa kwa sauti ndogo, labda kwa sababu wengi wetu huiamini bila kuitamka: kwamba lami haina mambo, tairi lolote litashika. Mimi huona kosa kubwa liko hapa. Kashata za A/T ni vipande virefu vyenye nafasi kati yake, kwa hiyo mpira unaogusa lami ni mchache, na vipande vyenyewe hupindapinda unapokanyaga breki. Mpira wake pia mara nyingi hutengenezwa uwe mgumu ili usikatwe na mawe. Kwa sababu hizo, kwenye lami iliyolowa A/T kwa kawaida huchukua umbali mrefu zaidi kusimama kuliko H/T ya kiwango kilekile. Mifereji yake mirefu inapokuwa mipya husaidia mahali maji yametuama, hilo nakubali. Lakini hatari ya kila siku Kangundo Road ni matatu inayosimama ghafla mbele yako katika mvua ya kwanza, wakati vumbi na oili ya miezi mitatu vimegeuka sabuni. Ongeza mlio na mafuta yanayoongezeka kidogo, kwa kuwa A/T ni nzito na huviringika kwa taabu zaidi.

Je, H/T ikigusa changarawe imekwisha? Hapana, ila hapa ndipo A/T inapostahili bei yake. Changarawe haitaki mshiko mwingi. Inachofanya ni kukata. Jiwe lenye ncha likikutana na tairi lililojaa upepo hadi likakakamaa, mpira haupati nafasi ya kulipindia jiwe, hivyo unachanika. A/T nyingi zina ubavu mnene na mpira unaostahimili mikato. H/T nayo hupita salama ukipunguza mwendo na upepo. Kama kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva kinasema upepo wa psi 32, mimi hushusha hadi 26 kabla ya safari ndefu ya changarawe, gari likiwa halina mzigo mzito, na sizidi kilomita 50 kwa saa. Nikifika lami najaza tena palepale kwa pampu ndogo ya kuchomeka garini. Usipojaza, tairi laini kwenye kasi ya lami hupata joto na linaweza kupasuka.

Twende kwenye hesabu. Kila siku ya kazi mimi hukanyaga kilomita 70 za lami kwenda Industrial Area na kurudi, kilomita 4 za changarawe na 1 ya udongo mweusi. Kwa siku 22 za mwezi ni 1,540 za lami, 88 za changarawe na 22 za udongo huo, ambao ni tope miezi ya mvua tu. Hizo 22 A/T hazinisaidii, nimekwisha kuona. Hizo 88 H/T inazimudu. Zilizobaki ni za lami. Jirani yangu ana gari kama langu na anafuga mbuzi Kajiado ndani. Kila wikendi anakula kilomita 80 za changarawe yenye mawe makali, yaani zaidi ya 300 kwa mwezi, akiwa peke yake na mbali na fundi wa pancha. Yeye afunge A/T, na avumilie breki ndefu za mjini kwa kumwachia nafasi aliye mbele.

Akienda kununua, kuna mtego mmoja ambao hata mafundi wengine huupita. A/T nyingi huja na herufi LT kabla ya saizi, kwa mfano LT265/65R17 badala ya 265/65R17. Saizi ni ileile, ujenzi si uleule. LT ni tairi la pikapu ya mzigo, na ili libebe uzito uleule linahitaji upepo mwingi kuliko tairi la kawaida. Ukilijaza kwa namba ya kibandiko cha mlangoni, ambayo ilipimwa kwa tairi la kawaida, umelipunja. Dalili zake ni ubavu kuwa moto sana baada ya nusu saa ya lami, na baadaye kashata za kingo zote mbili kuisha kabla ya zile za katikati. Muuzaji aonyeshe jedwali la kiwanda la upepo na uzito. Akikosa, chukua lisilo na LT.

A/T zangu niliziuza na kufunga H/T. Mvua ikinyesha gari halishuki kabisa ule udongo mweusi. Linalala kwenye uwanja wa duka lililo kando ya changarawe, nami namalizia nusu kilomita kwa gambuti.